Grisi ya Reli kwa Mashini ya Mama Émérence

Papa Basile wa kule Kataki, pa Kalemie, alitumika miaka makumi mbili na miwili kwa reli, na kazi yake ilikuwa moja tu: kutia grisi. Hakuendesha treni, hakukata tiketi. Yeye alitembea chini ya mabehewa na ndoo ya grisi na kijiti, toka Kalemie mpaka Niemba, toka Niemba mpaka Nyunzu, mpaka Kabalo kama bakubwa walitaka. Anafungua kile kisanduku cha gurudumu, anasukumia grisi mpaka inatokea upande wa pili, anafunga. Njo kazi. Na kama gurudumu linalia kilometa moja mbali, Papa Basile ataacha chakula kwa sahani, atasimama: «Ile ni behewa ya ine toka nyuma.» Watu walicheka, lakini hakukosea hata siku moja. Na alipopumzishwa, masikio yake hayakupumzika.

Muke wake, Mama Émérence, alikuwa mushonaji. Mashini yake ilikuwa ile nyeusi ya pedali, na maua ya zahabu pa shingo, yamefutikafutika juu ya mikono ya miaka mingi. Alipewa na masista wa misioni ya Mpala alipomaliza kujifunza kushona. Na kwa ile nyumba kulikuwa sheria. Watoto wakiwa bado nyumbani waliijua, wajukuu wakikuja wanaijua, Papa Basile naye aliijua kupita wote: hakuna muntu anagusa mashini. Ikimaliza kushona inafunikwa na kitambaa, basi, sawa Sakramenti.

Mwaka ule, juma mbili mbele ya komunyo ya kwanza ya watoto, bamama wa parokia walimuletea Émérence kitambaa cheupe cha robo tisa, zile nguo ndefu za komunyo. Wasichana tisa. Aliwapima, akakata, akapanga vipande ndani ya koferi. Hapo njo habari ikafika toka Mpala: mudogo wake Denise amezaa, na mutoto hanyonyi vizuri. Émérence akapanda bato siku ya ine, maana kwetu juma linaanza jumatatu, siku ya kwanza.

«Nitarudi siku ya tatu,» akasema pale bandarini, mufuko kwa kichwa. «Robo nitashona siku ya tatu, ya ine, ya tano. Siku ya mungu wanavaa. Mashini inalia kidogo, nikirudi nitaangalia.»

Wee mama. Ungemuambia mengine yote, haungemuambia ile neno. Inalia? Papa Basile alirudi nyumbani na ile neno moja kwa sikio, sawa mbu.

Siku ya tano asubuhi alikunywa chai yake, akafagia lupango, akalisha bata. Halafu akaingia chumba cha kushonea, kuangalia tu. Akatoa kile kitambaa. Kuangalia tu, akajiambia tena. Akazungusha gurudumu la mukono kidogo, na mashini ikasema: kwi. Akazungusha tena. Kwi.

«Ah,» akaiambia, «weye unasikia kiu, mama.»

Sasa kuna kitu watu hawaelewi juu ya muntu ambaye amefanya kazi ya chuma. Si kiburi. Ni kutaka kujua. Miaka yote alilala ukuta mumoja na ile mashini, akisikia taka-taka-taka mpaka usingizi, na hakujua ndani yake kuko nini. Uzi uko juu, uzi mwingine uko chini kwa kaneti, kale kagurudumu ka uzi, hakuna mukono ndani, na kumbe wanafungana. Nani anafunga? Aliwaza hii tangu zamani. Akaenda kutafuta turnavisi, ya kufungulia visi.

Pale upande wa sindano kuko kibati kimoja kirefu. Akakifungua. Eh. Ndani kulikuwa fimbo nyembamba ya chuma, inayobeba sindano, inapanda inashuka kadiri anavyozungusha gurudumu. Muzuri sana. Akaangalia ile fimbo sawa vile muntu anaangalia ndege wa samaki pa ziwa. Katikati yake kulikuwa kisi kimoja, kama musumari wa kuzungusha, kimebana. Kinabana nini? Akakilegeza kidogo, apate kuona. Fimbo ikateleza kidogo juu, kidogo tu sawa unene wa ukucha, akashituka, akakaza tena haraka. Hakuna kitu. Akasahau.

Kisha akaleta kopo lake la grisi, ile aliyobakia nayo toka kazini, nyeusi, nzito, grisi ya kweli. Kila mahali chuma kinasugua chuma, akatia. Juu, chini, kwa meno yanayosukuma kitambaa, kwa nyumba ya kaneti. Akatia mpaka ikatokea upande wa pili, sawa alivyofundishwa. Akafunga kibati. Akakaa pa kiti cha muke wake, akakanyaga pedali.

Pedali haikuenda.

Akakanyaga na miguu yote mbili. Mashini ikazunguka pole pole, kama gari imepanda mulima na mihogo yote ya Nyunzu. Akatia pale kipande cha singileti yake ya zamani, akashona: mushono mumoja, mbili, tatu, halafu ukaruka. Mumoja, ukaruka. Na sindano ikashuka na tone jeusi, pa! Doa sawa sarafu.

Papa Basile akaangalia koferi la kitambaa cheupe. Akalisukuma mbali na mashini.

Siku ya posho, mbele ya siku ya mungu, kulikuwa salongo, kila muntu na jembe kusafisha mifereji. Papa Basile alichimba karibu na Mama Dorothée, jirani, naye mushonaji, mujane, ulimi wake mukali kupita jembe. Akamuona anachimba mahali pamoja.

«Papa Basile, unamuzika nani?»

«Hakuna muntu.»

«Basi juu ya nini uso uko vile? Émérence amekukimbia?»

Akamueleza. Pole pole, macho chini, kama pa kitubio. Dorothée akapangusa jembe na majani. Akaweka jembe pa bega, akaenda mbele. Alipofika chumbani na kuona ile mashini inang'aa nyeusi kila upande, alikaa chini akacheka mpaka machozi.

«Grisi ya treni,» akasema. «Uliona inapeleka makaa kwenda Kabalo?»

«Ilikuwa inalia.»

«Ilikuwa inaomba tone moja. Moja, Papa. Grisi ni nzito, hii mashini inakimbia mbio, vyuma vyake vinakaa karibu karibu. Na kitambaa kinatoa vumbi, ile pamba ndogo ndogo. Grisi inaikamata, inakuwa udongo. Kuja, tuitoe inje. Na uzime hiyo sigara yako, tutatumia petroli.»

Wakaitoa inje na meza yake, mbali na jiko. Dorothée akafanya kazi na mudomo, Papa Basile na mikono. Toa kwanza uzi. Toa sindano. Toa muguu unaokanyaga kitambaa. Fungua visi vya kile kibati chini ya sindano. Papa Basile akakiinua, na pale, katikati ya meno, kulikuwa kitu kama kitanda cha panya: pamba ya rangi zote imekandamizwa, nyekundu, bluu, ya kaki ya uniforme za shule, ya miaka na miaka.

«Hapa hapajafunguliwa tangu Kalemie inaitwa Albertville,» Dorothée akasema.

Papa Basile akaitoa na brosi ya meno ya zamani, nyingine na sindano kubwa. Nyumba ya kaneti wakaitoa, wakaipangusa. Kisha kitambaa na petroli kidogo, kupangusa grisi kila mahali, kuzungusha gurudumu na mukono, kupangusa tena. Chini ya grisi nyeusi kulitokea kitu kingine: kigumu, cha rangi ya chungwa, kimekauka sawa ulimbo. Kilikuwa kwa matundu yote ya juu na kwa shina za vyuma.

«Hii ni nini?» Papa Basile akauliza. «Si grisi yangu.»

Dorothée akainusa. Akamuangalia, akaangalia upande mwingine.

«Ni ya zamani,» akasema. «Pangusa tu. Tia petroli, acha ilowe.»

Ikachukua mpaka saa tisa. Wakaiacha ikauke vizuri, petroli yote ipotee. Dorothée akaenda kwake, akarudi na kichupa kidogo cha mafuta ya mashini, meupe sawa maji, ambayo wachuuzi wanavusha toka Kigoma. Akamupa.

«Ona yale matundu madogo juu? Mulomo wa mashini njo huo. Tone moja kila tundu. Moja chini pale kaneti inazungukia. Na pale pedali inapoinama, moja na moja. Si zaidi.»

Papa Basile akashika kichupa na vidole viwili. Miaka makumi mbili na miwili ya kusukumia, na sasa tone. Akatia. Akazungusha gurudumu na mukono mara nyingi, mafuta yaingie. Kisha akakanyaga pedali, na mashini ikakimbia. Hakuna kwi. Ilikuwa inasema kwa sauti ndogo, laini, sawa paka ameshiba. Papa Basile akafunga macho. Sikio lake lilikubali.

«Sasa shona pa kitambaa kibaya kwanza,» Dorothée akasema. «Mafuta yaliyozidi yatoke pale, si pa robo ya watoto.»

Wakatia kipande cha gunia la unga. Mumoja, mbili, tatu, ukaruka. Mumoja, ukaruka.

Dorothée akaacha kucheka. Akainua muguu wa mashini, akatoa uzi, akaupitisha upya toka mwanzo: «Muguu ukiwa chini, uzi hauingii vizuri katikati ya yale masahani yanayoubana.» Ikaruka. Akatia sindano mupya, akaisukuma mpaka juu kabisa, upande wake uliolala ukiangalia pale panapotakiwa. Ikaruka. Akabadilisha uzi. Ikaruka.

Akakaa, mikono pa magoti.

«Papa Basile. Ni safi. Ina mafuta. Sindano ni mupya, uzi ni muzuri, umepita njia yake. Kama bado inaruka, hii si ya miye na si ya weye. Hii ni ya mufundi. Ile ndoana ya chini na sindano hazikutani tena. Sasa unisikilize: kuko kisi ulifungua, ndani kule?»

Na Papa Basile, muntu wa komunyo kila mwezi, akasema: «Hapana.»

Si uongo wa kupanga. Ulitoka wenyewe. Alikuwa amechekwa siku nzima.

«Muzuri,» Dorothée akasema, «maana mufundi atauliza hiyo hiyo.»

Mufundi alikuwa Jérôme, wa kijibanda cha bati karibu na soko, muntu mwembamba wa Ankoro, ambaye alitengeneza redio, masaa na mashini, na hakupenda maneno mengi. Siku ya kwanza asubuhi Papa Basile akatoa mukaba wa ngozi wa pedali, akalegeza visi viwili vya nyuma, akainua kichwa cha mashini toka kwa meza. Kizito, chuma tupu. Puspusi ya jirani, ya kusukuma muzigo, gurudumu lake lilikuwa limetoboka. Basi akakifunga mugongoni na kitenge cha muke wake, sawa bamama wanavyobeba mutoto, akashika njia.

«Papa Basile, umezaa lini?» vijana wa pa kona wakaita.

«Usiku.»

«Anafanana na nani?»

«Na mama yake. Hapendi kuguswa.»

Jérôme akakilaza kichwa pa meza yake, mugongo chini. Akazungusha gurudumu na kidole kimoja. Akaangalia Papa Basile.

«Safi sana. Nani alisafisha?»

«Miye na Mama Dorothée. Nilikuwa nimetia grisi ya treni.»

«Na nani alifungua?»

Papa Basile akaangalia redio zilizokufa pa ukuta. Siku ya tatu muke wake anashuka pa bandari. Robo tisa. Kama atasema hapana, huyu muntu atatafuta mahali pengine, atafungua kingine, na siku itapita.

«Miye,» akasema. «Kile kisi cha fimbo ya sindano. Nilitaka kuona kinabana nini.»

«Na kinabana nini?»

«Fimbo.»

«Eh. Sasa tumesoma wote mbili.» Jérôme akafungua kibati cha upande, akamuonyesha na ncha ya turnavisi. «Ona alama hii pa fimbo. Hapa rangi imekufa, ni pale ilibanwa miaka yote. Sasa iko juu ya mahali pake. Ilipanda.»

Mufundi mwingine angekaza akamaliza. Lakini Papa Basile aliinama mpaka pua yake ikagusa chuma, akauliza: «Na uzi wa juu na wa chini, nani anafunga?»

Jérôme akasimamisha mukono. Pengine hakuna muntu alimuuliza hiyo mbele. Akapitisha uzi mweusi pa sindano, apate kuuona vizuri, akazungusha gurudumu pole pole, pole pole.

«Angalia. Sindano inashuka na uzi. Inafika chini. Sasa, ikianza kupanda kidogo tu, uzi wa nyuma unalegea. Unaona? Unafanya kamudomo.»

Papa Basile aliona. Nyuma ya tundu la sindano uzi ulifungua mudomo mudogo, sawa kasamaki ka ndagala kanahema.

«Na hii ndoana,» Jérôme akasema, «inakuja, inaingia mule mudomoni, inakamata uzi, inauzungusha kaneti yote. Njo mushono. Sindano ikiwa juu, ndoana inapita chini ya mudomo. Haikamati kitu. Mushono unaruka.»

Na kweli, ndoana ikapita bila kitu, sawa muvuvi ametupa pasipo samaki. Jérôme akalegeza kile kisi, akashusha fimbo unene wa ukucha mpaka pa alama, akakaza. Akazungusha. Ndoana ikaingia mudomoni, ikavuta.

«Tena,» Papa Basile akasema.

Akazungusha tena. Mara tano. Mara sita.

«Papa, niko na kazi zingine.»

Alipomaliza, Jérôme akapangusa kidole chake, akakinusa. «Kitu kimoja. Mule pa shina kumebakia ulimbo wa chungwa. Hii mashini ilitiwa mawese, tena miaka mingi. Mawese ni ya mboga. Yakikauka kwa chuma yanakuwa gundi. Njo ilikuwa inalia.»

Papa Basile akasimama pale, kitenge mukononi. Mawese. Kwa nyumba yake nani anagusa mashini?

Jérôme alipoulizwa malipo akataka lile kopo la grisi, kwa baiskeli yake na kwa puspusi za soko, kule grisi ni chakula chake. Papa Basile alirudi nyumbani na mutoto wake mugongoni, akacheka peke yake njia yote, mpaka vijana wa kona wakasema kweli mzee amezaa.

Siku ya tatu bato likafika saa ine ya asubuhi. Mutoto wa Denise sasa ananyonya, Émérence akasema, jina wamemupa Pontien. Hakula hata kitu. Akaingia chumbani, akafungua koferi, akakaa, akakanyaga pedali.

Akasimamisha.

Akakanyaga tena. Akainamisha sikio. Akanusa. Papa Basile alikuwa pa mulango, kofia mukononi, amepanga kunyamaza.

«Basile.»

«Mama.»

«Hailii.»

«Hailii, njo.»

«Inanuka petroli. Na inakimbia sawa siku masista walinipa.» Akachukua kipande cha kitambaa cheupe, kile kilichobakia, akashona musitari mumoja, akaangalia juu, akageuza akaangalia chini. Hakuna doa. Hakuna mushono umeruka. «Nani aligusa mashini yangu?»

Basi akaeleza yote: grisi, na kile kisi, na singileti, Dorothée pa salongo, Jérôme. Alipofika kwa kitenge mugongoni mudomo wa Émérence ulitetemeka, lakini akakaza uso.

«Miaka yote nasema neno moja. Moja tu. Kama si Dorothée, watoto tisa wangesimama mbele ya padri na robo za grisi. Weye muntu wa treni, unafikiri kila kitu ni...»

«Mawese,» Papa Basile akasema.

Inje bata walipita.

«Nani alisema mawese?»

«Jérôme. Alinusa. Na Dorothée alinusa, akafunika neno.»

Émérence akaangalia mikono yake.

«Mafuta ya Kigoma yalikosekana,» akasema kwa sauti ndogo. «Ule mwaka maduka yalibaki matupu. Nikasema, mawese ni mafuta. Ikaenda vizuri juma mbili. Halafu ikaanza kuwa nzito, nikatia tena. Nikaogopa kufungua nione nimeharibu nini.»

«Njo sababu hakuna muntu anagusa.»

«Toka hapa, Basile.»

Lakini hakutoka, na Émérence mwenyewe alikuwa anacheka, kitambaa pa mudomo, mabega yakicheza. Walicheka mpaka wakachoka. Kisha akavuta kitambaa cheupe karibu, maana robo zilikuwa tisa na siku tatu.

«Kila siku ya posho,» akasema, «kisha salongo, utatoa vumbi pa meno na utatia mafuta. Tone moja. Miye nitahesabu. Na turnavisi itakaa kwangu.»

«Sawa.»

«Sasa acha nishone.»

Papa Basile akafika mpaka mulangoni, akarudi.

«Émérence. Unajua uzi wa juu na wa chini, nani anafunga?»

«Mashini.»

«Lakini ndani. Ulikwisha kuona?»

Miaka yote ya kushona, robo za harusi, suruali za shule, mashati ya wafu. Akafikiri. «Hapana,» akasema.

Papa Basile akavuta kiti kingine. Wakafungua kile kibati chini ya sindano, visi viwili, akaviweka ndani ya sahani visipotee. Wakainamisha vichwa pamoja. Papa Basile akashika gurudumu la mukono, akazungusha pole pole, pole pole, sindano ikashuka, ikafika chini, ikaanza kupanda.

«Ngoja,» akasema. «Sasa. Angalia mudomo.»

Ndoana ikaja, ikaingia.

Émérence akasogeza uso karibu. Kitambaa cheupe kiliteleza toka kwa magoti yake mpaka chini, hakukiona.

«Tena,» akasema.